Mbunge Mmoja kwa Watu Wangapi?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.)



Leo nitaongea juu ya mipaka. Siyo mipaka ya mashamba, ile tunaijua na kesi zake tunazijua. Naongea juu ya mipaka ya maeneo ya ubunge. Watu wengi wakisikia habari hii husema, hayo ni mambo ya wanasiasa na wenye ramani, sisi yatuhusu nini. Basi nianze na bomba la maji, halafu mtaona yanatuhusu nini.

Tuseme mradi wa maji umeleta vituo viwili vya kuteka. Kituo cha kwanza kimewekwa penye familia arobaini. Cha pili kimewekwa penye familia mia nne. Mabomba ni sawa, maji ni sawa, fundi ni mmoja. Lakini mama wa familia mia nne atapanga foleni tangu alfajiri, na yule mwingine atateka akiwa amemaliza chai. Hakuna mtu aliyeiba maji hapo. Kilichofanyika ni kuamua tu bomba liwe wapi na watu wangapi walitegemee.

Mbunge ni hivyo hivyo. Kila eneo la ubunge lina mbunge mmoja na kura moja bungeni. Na siyo kura tu. Mwaka 2003 ilipotungwa sheria ya mfuko wa maendeleo wa maeneo ya ubunge, ule tuliozoea kuuita CDF, robo tatu ya pesa ziligawanywa sawa kwa sawa kwa kila eneo, liwe na watu wengi au wachache. Robo iliyobaki ndiyo iliyofuata umaskini. Kwa hiyo mtoto wa eneo lenye watu wengi aliomba basari kwenye kapu lile lile la ukubwa mmoja, lakini nyuma yake kulikuwa na watoto wengi zaidi wanaosubiri.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Msiogope, nitatumia chache tu, na nitazirudia.

Chukueni uchaguzi wa 1992, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Wengi wenu mlipiga kura, wengine mlikuwa bado mgongoni mwa mama. Kenya ilikuwa na maeneo ya ubunge 188. Sensa iliyokuwa karibu ni ya 1989, na ilihesabu watu milioni 21 na zaidi kidogo ya laki nne. Ukigawa watu hao kwa viti 188, kila mbunge angepaswa kuwa na watu wapata 114,000. Hiyo ndiyo tuiite wastani wa nchi. Mshike namba hiyo.

Nairobi ilikuwa na watu wapata 1,325,000. Ilikuwa na viti 8. Gawa mwenyewe: kila mbunge wa Nairobi alibeba watu wapata 165,000. Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, ulikuwa na watu wapata 371,000. Ulikuwa na viti 10. Kila mbunge wa huko alibeba watu wapata 37,000. Kwa maneno mengine, mtu mmoja wa Kaskazini Mashariki alikuwa na uzito bungeni kama wa watu wanne na nusu wa Nairobi.

Je, hapo chama gani kilifaidika? Katika uchaguzi huo KANU ilipata kiti kimoja tu Nairobi, na upinzani ukachukua vile saba. Kule Kaskazini Mashariki KANU ilichukua viti 8 kati ya 10. Basi ona: mji wenye watu zaidi ya milioni uliwapa wapinzani viti saba, na mkoa wenye watu pungufu ya laki nne ukaipa KANU viti vinane.

Lakini mimi sitaki mtoke hapa na hadithi rahisi. Nchini kote, Rais Moi alipata kura asilimia 36 hivi, na chama chake kikapata viti 100 kati ya 188, yaani zaidi ya nusu. Wengine husema mipaka ndiyo iliyofanya hivyo. Si kweli yote. Sababu kubwa ni kwamba wapinzani waligawana. Matiba, Kibaki na Odinga kila mmoja alivuta upande wake, na katika maeneo mengi mtu alishinda kwa sababu wapinzani wake walikuwa watatu. Tena ile mipaka ya viti 188 ilichorwa 1986, wakati wa chama kimoja. Huwezi kusema ilichorwa kuiumiza FORD wakati FORD haijazaliwa. Hata Bonde la Ufa, mahali ambapo watu wengi hufikiri ndipo palipojazwa viti, lilikuwa na viti 44 kwa watu karibu milioni tano. Gawa hapo utapata wapata 113,000 kwa kila kiti, karibu kabisa na wastani. Kwa hiyo tuhuma bila hesabu haifai. Hesabu ndiyo inayoonyesha pengo liko wapi na haliko wapi.

Linganisha sasa na yaliyofuata. Kabla ya uchaguzi wa 1997, tume ya uchaguzi iliangalia mipaka upya na kuongeza viti 22, vikawa 210. Wakati huu vyama vilikuwapo, na matokeo ya 1992 yalikuwa mezani. Kila mtu alijua nani alishinda wapi. Je, Nairobi, mji uliokuwa ukizidi kukua kila mwaka, iliongezewa viti vingapi?

(Mtu mmoja: Vinne!)

Hakuna. Sufuri. Ilibaki na 8. Kaskazini Mashariki iliongezewa kimoja ikawa na 11. Bonde la Ufa lilipata vitano. Ili nisidanganye, Mkoa wa Kati, ambao ulikuwa wa wapinzani, ulipata vinne, na Nyanza vitatu. Kwa hiyo haikuwa kwamba wapinzani wote walinyimwa. Lakini Nairobi iliachwa pale pale.

Halafu matokeo ya 1997: KANU viti 107, vyama vingine vyote pamoja viti 103. Tofauti ni vinne. Kama viti viwili tu vingehama upande, wangekuwa 105 kwa 105. Hapo ndipo unaona kwamba habari ya kiti kimoja kuwekwa hapa badala ya pale siyo jambo dogo la wenye ramani.

Mtaniuliza, je, sheria haikuwapo? Ilikuwapo. Katiba ya zamani ilisema maeneo yawe na watu karibu sawa kadiri inavyowezekana. Kisha ikaongeza kwamba tume inaweza kuacha usawa huo kwa sababu ya wingi au uchache wa watu mahali, njia za mawasiliano, milima na mito, na watu wenye mambo ya pamoja. Sababu hizo zote ni za kweli. Mtu wa Wajir husafiri siku nzima kumfuata mbunge wake, na wa Kibera hutembea dakika kumi. Ni haki wa Wajir apewe nafuu. Shida ni kwamba sheria haikusema nafuu hiyo iishie wapi. Ni kama kumwambia mtu achukue chumvi kidogo bila kumwonyesha kijiko. Mmoja atatia kidogo, mwingine atatia gunia, na wote watasema wamefuata maagizo.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyoleta kijiko. Kifungu cha 89 kinasema viti vya maeneo ni 290. Unachukua watu wote wa nchi, unagawa kwa 290, unapata wastani. Kisha tume inaruhusiwa kupanda juu au kushuka chini ya wastani huo kwa kiasi kinachojulikana: asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, na asilimia 30 kwa sehemu nyingine zote. Zile sababu za zamani za milima, njia, historia na utamaduni bado zimo, lakini sasa zina ukuta.

Tupime ukuta huo kwa hesabu ya 1992, kwa kujifunza tu. Wastani ulikuwa 114,000. Ukishuka asilimia 40 unapata wapata 68,000. Kaskazini Mashariki yenye watu 371,000 ingeweza kupata viti vitano, siyo kumi, hata baada ya kupewa nafuu yote. Nairobi, hata ukijaza kila eneo mpaka juu kabisa, isingeweza kukaa na viti pungufu ya tisa. Mnaona kazi ya ukuta? Hautengenezi usawa kamili, ila unakataza ile tofauti ya mtu mmoja kwa wanne na nusu.

Sasa tuje kwenye mipaka iliyochorwa mwaka 2012, iliyotokana na katiba hiyo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 38 na laki sita. Gawa kwa 290, wastani ni 133,138. Wakati huo Embakasi, Nairobi, ilikuwa eneo moja la ubunge lenye watu 925,775. Mbunge mmoja! Na Lamu Mashariki, kule visiwani Faza na Kizingitini na kupanda hadi Kiunga, kulikuwa na watu 18,841. Mbunge mmoja. Ukigawa, mtu mmoja wa Lamu Mashariki alilingana na watu 49 wa Embakasi.

Tume ilifanya nini? Embakasi iligawanywa mara tano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Wastani wa kila kipande ukawa wapata watu 185,000. Na ukuta wa juu, asilimia 40 juu ya wastani, ulikuwa wapata 186,400. Angalieni hapo. Walijaza debe mpaka shingoni. Kwa wastani wa nchi Embakasi ilistahili karibu viti saba, ikapata vitano. Ni halali kabisa kisheria, maana Nairobi ni mji. Lakini wale wanaosema mji umeongezewa viti vingi mno, waambieni wahesabu tena. Nairobi nzima ilipanda kutoka viti 8 hadi 17, na bado kila mbunge wake alikuwa na watu wengi kuliko wastani.

Na Lamu Mashariki? Haikuguswa. Watu 18,841 wako chini sana ya ukuta wa chini, ambao ulikuwa wapata 79,900. Ilibaki kwa sababu katiba yenyewe iliweka kinga ya mara moja: katika marekebisho ya kwanza, hakuna eneo lililokuwapo litakalopotea. Maeneo zaidi ya ishirini yalisimama kwa kinga hiyo. Mimi siwalaumu watu wa Lamu Mashariki. Mtu anayeishi kisiwani, au Mboni aliye msituni huko Basuba, akiunganishwa na eneo kubwa la bara atamezwa kabisa. Lakini lazima tuseme wazi kwamba kinga ile ilikuwa mapatano ya kisiasa, siyo hesabu. Bila hiyo, wabunge wa maeneo madogo wasingekubali katiba kirahisi.

Haya. Mpaka hapa nimeongea juu ya idadi. Mtu anaweza kufikiri, basi tukipata idadi sawa mambo yamekwisha. Hayajaisha. Nawaomba mje karibu na meza hii, mama lete ule ungo.

Hapa nina mahindi tisa na maharagwe sita. Kila punje ni kijiji kimoja chenye wapiga kura elfu moja. Vijiji vya mahindi wote ni wa Chama cha Mahindi, vya maharagwe wote ni wa Chama cha Maharagwe. Jumla vijiji kumi na tano, na tunataka maeneo matatu ya ubunge. Kila eneo liwe na vijiji vitano kamili, wala kisizidi wala kisipungue. Usawa wa idadi hauwezi kuwa mzuri kuliko huo.

Tupange mistari mitatu. Mstari wa kwanza, wa mlimani, ni mahindi matano. Mstari wa pili, wa katikati, ni mahindi manne kuanzia kushoto, na mwisho kabisa kulia harage moja. Mstari wa tatu, kando ya mto, ni maharagwe matano.

Mpaka wa kwanza: fuata mistari yenyewe. Mlimani ni eneo moja, katikati ni eneo moja, mtoni ni eneo moja. Mahindi wanashinda mlimani na katikati, Maharagwe wanashinda mtoni. Viti viwili kwa kimoja. Mahindi wana watu tisa kwa sita, kwa hiyo hata mtu wa Maharagwe atakubali.

Mpaka wa pili. Sasa anayechora ni mtu wa Mahindi. Yeye hakati kwa mistari, anakata kutoka mlimani kushuka mtoni. Kushoto anachukua safu yote ya kwanza, yaani vijiji vitatu, na kutoka safu ya pili anachukua viwili vya chini. Kulia anachukua safu yote ya mwisho, na kutoka safu ya nne viwili vya juu. Vinavyobaki katikati ndivyo eneo la tatu. Hesabuni. Kila eneo lina mahindi matatu na maharagwe mawili. Mahindi viti vitatu, Maharagwe sufuri. Wale watu elfu sita wa mtoni wameraruliwa vipande vitatu, kila mahali ni wachache, na hawana mbunge hata mmoja.

Mpaka wa tatu. Sasa mwenye kalamu ni mtu wa Maharagwe, na yeye ana watu wachache. Angalieni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu hushangaa. Anaacha mlimani kama palivyo: mahindi matano katika eneo moja. Washinde, wasifurahi sana! Kisha mistari miwili iliyobaki anaikata katikati. Kushoto anatia mahindi mawili ya mstari wa pili na maharagwe matatu ya mtoni. Kulia anatia mahindi mawili yaliyobaki, lile harage la mstari wa pili, na maharagwe mawili ya mtoni. Maharagwe wanashinda kushoto tatu kwa mbili, wanashinda kulia tatu kwa mbili. Viti viwili kati ya vitatu, kwa kura elfu sita kati ya elfu kumi na tano.

(Kelele na vicheko.)

Ndiyo. Vijiji ni vile vile, watu ni wale wale, kila eneo lina watu elfu tano kamili. Kura hazikuibwa, sanduku halikujazwa, hakuna aliyehongwa. Kilichobadilika ni kalamu.

Hila ziko mbili tu, hata nchi za wazungu ni hizo hizo. Moja ni kurundika: unawajaza wapinzani wako katika eneo moja washinde kwa kura nyingi mno zisizo na faida, kama mahindi matano ya mlimani. Ya pili ni kutawanya: unawagawa ili kila mahali wawe karibu kushinda lakini wasishinde, kama wale maharagwe wa mpaka wa pili. Mchoraji hodari hutumia zote mbili kwa pamoja. Mwaka 1812 huko Massachusetts, Marekani, gavana Elbridge Gerry alitia sahihi mipaka iliyochorwa hivyo, na eneo moja likawa na umbo la ajabu hata gazeti likalichora kama joka lenye mabawa. Chama chake kilichukua viti 29 kati ya 40 vya baraza la seneti la jimbo hilo.

Kwa sababu ya joka lile, watu hufikiri kwamba hila hutambulikana kwa umbo. Msidanganyike. Angalieni tena mpaka wetu wa tatu, ule uliompa mdogo ushindi. Mstari mmoja ulionyooka juu, na vipande viwili vizuri chini. Ukiuchora ukutani unapendeza. Ule wa pili umejipinda, na ule wa kwanza wa haki pia umenyooka. Umbo peke yake halikuambii kitu.

Cha kuangalia ni jinsi kila upande unavyoshinda na kushindwa. Katika mpaka wa tatu, Mahindi walishinda mara moja kwa elfu tano kwa sufuri, na wakashindwa mara mbili kwa elfu mbili kwa elfu tatu. Upande mmoja ukishinda kwa mafuriko mahali pachache na kushindwa kwa kidogo mahali pengi, uliza maswali. Nasema uliza, sisemi piga kelele. Hapa Kenya watu wa jamii moja hukaa pamoja, na mara nyingi hupiga kura pamoja. Kwa hiyo mafuriko ya kura katika eneo moja yanaweza kuwa ni hali ya watu tu, bila hila ya mtu yeyote. Swali linalofuata ni hili: je, palikuwapo njia nyingine ya kukata, yenye idadi sawa na inayofuata barabara na soko, ambayo haikuleta matokeo hayo? Kama ipo, tume ieleze kwa nini haikuitumia.

Ndiyo maana katiba haikuacha kalamu kwa wabunge. Imepewa tume huru, na tume lazima isikilize watu. Baada ya mipaka kutangazwa katika gazeti la serikali, mtu yeyote ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na mahakama ina miezi mitatu ya kuamua. Mwaka 2012 malalamiko zaidi ya mia moja yalifika mahakamani, na hukumu ikatolewa mwezi wa Julai. Mengi hayakuwa ya vyama. Yalikuwa ya watu wanaosema kata ndogo yetu imepelekwa ng'ambo ya mto, au jina la eneo ni la kabila lingine.

Mipaka inatakiwa kuangaliwa upya kila baada ya miaka minane mpaka kumi na miwili. Kutoka Machi 2012, kumi na miwili iliisha Machi 2024, na kazi haikuwa imefanywa. Tume ilikaa bila makamishna kutoka Januari 2023 hadi Julai 2025. Kuchelewa nako kuna anayefaidika, maana miji inakua na vijiji vingine vinapungua, na mipaka imekaa pale pale.

Sasa maswali.

Mzee mmoja aliuliza: Sisi huku ni wachache na ni nchi kavu. Kinga umesema ni ya mara moja. Je, tutanyang'anywa kiti?

Mzee wangu, sitakuficha. Inawezekana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47 na nusu. Kwa viti 290, wastani ni wapata 164,000. Sehemu yenye watu wachache waliotawanyika inaruhusiwa kushuka mpaka wapata 98,400. Eneo lililo chini ya hapo haliwezi tena kusema lilikuwapo zamani, litatakiwa kuunganishwa na jirani au kuongezewa kata za jirani. Idadi ya viti 290 imeandikwa kwenye katiba yenyewe, kwa hiyo mwanasiasa anayewaahidi kwamba viti vitaongezwa tu kidogo, mwulizeni kama amejiandaa kubadilisha katiba. Mnachoweza kupigania ni namna ya kuunganishwa: mpelekwe upande gani, na nani.

Mama wa kikundi cha kuku aliuliza: Sasa sisi wenyewe tufanye nini, hatujui kuchora ramani?

Mama, huhitaji kuchora. Maeneo ya ubunge hujengwa kwa wadi, na wadi nyingi hujengwa kwa kata ndogo, hizi sablokesheni zetu. Hesabu ya watu kwa kila sablokesheni huchapishwa baada ya sensa. Tafuteni hizo namba, andikeni kwenye daftari la kikundi, mjumlishe. Tume ikileta mapendekezo, mtajua kwa dakika kumi kama eneo lenu liko ndani ya ukuta au nje. Kisha andikeni barua fupi. Msiandike kwamba mnadhulumiwa, kila mtu ataandika hivyo. Andikeni: kata ndogo hii ina watu kadha, ikihamishwa eneo lile litabaki na kadha na hili litakuwa na kadha, yote mawili yamo ndani ya asilimia 30. Soko letu ni lile, gari linapita mara mbili kwa wiki, na mto huu hauvukiki mwezi wa Aprili. Wekeni tarehe, jina la kikundi, sahihi za mwenyekiti na katibu, na mbaki na nakala.